Swali Kwanza, Jedwali Baadaye: Kutoka Picha ya Mauzo hadi Chati Yenye Jibu



Nimeombwa nizungumzie jambo dogo la ofisini ambalo watu wengi hulifanya kinyumenyume. Mwenye duka anamtumia mhasibu wake picha ya skrini kwa WhatsApp. Ndani ya picha mna mistari ishirini na kitu ya mauzo, na chini yake ujumbe: "Naomba unitengenezee pivoti na chati. Nataka kujua kama kweli Morogoro imeshuka robo ya pili, na kilichoishusha ni nini." Mhasibu anafungua Excel, anaburuta safu hii huku na ile kule, mpaka kitokee kitu kinachofanana na ripoti. Chati ina rangi nzuri na inapendeza kuitazama, ila swali limebaki palepale lilipokuwa.

Hoja yangu leo ni kwamba jedwali la pivoti husanifiwa kabla Excel haijafunguliwa. Kinachohitajika ni swali lililonyooka na picha iliyosomwa kwa makini. Lakini picha hiyohiyo inayotosha kusanifu jedwali haitoshi kutoa jibu. Fundi cherehani akipewa kipande kidogo cha kitambaa atajua kama ni pamba au nailoni, kama kinavutika au hakivutiki, na ataamua ashone vipi. Suti hawezi kuikata humo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Duka lenyewe na takwimu zake nimezitunga kwa ajili ya mhadhara huu. Ni duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi Morogoro, Dodoma na Ifakara. Picha inaonyesha safu saba, kuanzia A hadi G: Tarehe, Risiti, Tawi, Kundi, Bidhaa, Idadi na Bei. Kila mstari ni bidhaa moja ndani ya risiti moja.

Kulinyoosha swali

"Morogoro imeshuka robo ya pili?" Mwenye duka anaona ameuliza swali moja. Mhasibu anapaswa kuona kwamba kuna mambo manne hayajasemwa.

La kwanza, robo ya pili ni ipi? Serikali ya Tanzania huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai, kwa hiyo kwa mtu aliyezoea bajeti za serikali robo ya pili ni Oktoba hadi Desemba. Mwenye duka anayehesabu kwa kalenda anamaanisha Aprili hadi Juni. Excel nayo ikiambiwa igawe tarehe kwa robo hufuata kalenda tu, na robo ya pili huiandika `Qtr2`. Ukinyamaza, Excel ndiyo itakayoamua kwa niaba yenu wote wawili.

La pili, imeshuka kuliko nini? Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu kinachomjia mtu haraka ni kulinganisha Aprili–Juni na Januari–Machi. Kwa biashara ya saruji na mabati huo ni mlinganisho wa hali ya hewa. Morogoro hupata masika kati ya Machi na Mei, na watu hupunguza kujenga. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoishia kwenye Aprili hivi, kisha kiangazi huanza na mafundi hurudi saiti. Ukilinganisha robo hizo mbili utaiona Morogoro imeanguka na Dodoma imepaa, na huenda hakuna meneja yeyote aliyefanya jambo baya wala jema. Mlinganisho wa haki ni Aprili–Juni mwaka huu na Aprili–Juni mwaka uliopita, tawi lilelile, mvua zilezile.

La tatu, imeshuka kwa kipimo gani? Shilingi, idadi ya bidhaa, au idadi ya wateja? Hizi ni hesabu tatu tofauti, na zinaweza kwenda pande tofauti kwa wakati mmoja. La nne, "kilichoishusha" kitafutwe wapi: kwenye bidhaa, kwa wauzaji, au kwenye bei? Picha yetu haina safu ya muuzaji, kwa hiyo mlango huo umefungwa tangu mwanzo, na ni vizuri mwenye duka aambiwe mapema.

Baada ya simu ya dakika chache swali linakuwa hivi: *Kati ya Aprili na Juni 2024, je, mauzo ya Morogoro kwa shilingi yalipungua kuliko Aprili–Juni 2023, na ni kundi gani la bidhaa lililochangia zaidi?* Swali hili limeshabeba jedwali ndani yake. "Kwa shilingi" ni kipimo. "2024 kuliko 2023" ni safu mbili za kulinganisha. "Kundi la bidhaa" ni mistari. "Morogoro" na "Aprili–Juni" ni vichujio.

Kuisoma picha

Sasa tuirudie picha. Wengi huitazama kwa ajili ya vichwa vya safu tu, kisha huiweka pembeni. Lakini picha ya skrini imebeba ushahidi ambao hata mwenye duka hajui kwamba ameutuma.

Tazameni namba za mistari upande wa kushoto kabisa. Katika picha yetu zinakwenda 1, 2, 3 hadi 9, kisha zinaruka hadi 14, na rangi yake ni buluu. Hiyo ni alama kwamba kichujio kimewashwa: kuna mistari imefichwa. Jambo hili lina matokeo yasiyotarajiwa. Jedwali la pivoti halijali kichujio cha karatasi. Huchukua mistari yote, iliyofichwa na isiyofichwa. Lakini mwenye duka alipoichagua safu ya Idadi na kusoma jumla iliyoandikwa chini ya skrini, alisoma jumla ya mistari inayoonekana tu. Siku utakapompelekea ripoti atakwambia hesabu zako zimekosewa, na wewe utaapa kwamba ni sahihi. Kila mmoja atakuwa na jumla ya kitu tofauti.

Kisha itazameni safu ya Tarehe. Katika Excel, kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, namba na tarehe za kweli hujipanga upande wa kulia wa seli, na maandishi hujipanga kushoto. Katika picha yetu tarehe nyingine ziko kulia na zimeandikwa `5/4/2024`, nyingine ziko kushoto na zimeandikwa `13/04/2024`. Mtu asiyejua ataona ni uzembe wa kuandika. Anayejua ataona kosa zito kuliko yote kwenye faili hili.

Kilichotokea ni hiki. Mfumo wa mauzo ulitoa tarehe kwa mtindo wetu, siku kwanza, mwezi baadaye. Kompyuta iliyofungua faili imewekwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Ilipoikuta `05/04/2024`, yaani tarehe 5 Aprili, ikaielewa kuwa ni tarehe 4 Mei, ikaridhika, ikaisogeza kulia. Ilipoikuta `13/04/2024` ikatafuta mwezi wa kumi na tatu, ikaukosa, ikaiacha kushoto kama maandishi. Kwa hiyo tarehe zilizoko kushoto, zinazoonekana mbovu, ndizo zinazosema kweli. Zilizoko kulia, zinazoonekana safi, ndizo zilizohamishiwa miezi mingine. Mauzo ya siku 12 za kwanza za kila mwezi yametawanyika mwaka mzima, isipokuwa pale siku na mwezi vinapofanana, kama tarehe 4 Aprili.

Excel haitatoa onyo lolote kuhusu tarehe zilizohama. Kitakachokushtua ni zile zilizobaki maandishi, kwa sababu ukijaribu kuzipanga kwa miezi Excel itakataa na kuandika `Cannot group that selection.` Wengi wakifika hapo hufuta mistari inayosumbua ili kazi iendelee, na hapo huwa wametupa tarehe za kweli na kubaki na za uongo. Kuna dalili nyingine rahisi: ikiwa faili linaishia Juni 2024 na wewe unaona mauzo ya Desemba 2024, basi hayo ni mauzo ya siku ya 12 ya mwezi fulani, yamegeuzwa.

Dawa bora ni kulifungua upya faili la asili na kuiambia Excel kwamba tarehe zake ni `DMY`. Kama faili la asili halipo, na una hakika kwamba safu nzima imepatwa na kosa hilohilo, ongeza safu H uiite *Tarehe Sahihi*, na kwenye mstari wa pili uandike:

```
=IF(ISNUMBER(A2),
  DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),
  DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Fomula hii inasema: kama seli ni tarehe ya kweli, mwezi na siku vibadilishane nafasi, kama ni maandishi, mwaka, mwezi na siku vichukuliwe kutoka kwenye herufi zenyewe. Isitumike kwenye faili lenye tarehe sahihi, maana itaziharibu kwa namna ileile.

Ushahidi wa tatu ni majina. Katika safu ya Tawi kuna "Morogoro" na kuna "Moro". Kwa binadamu ni mji mmoja, kwa jedwali la pivoti ni matawi mawili. Herufi kubwa na ndogo hazisumbui, "morogoro" na "Morogoro" zitaunganishwa. Kinachosumbua ni kifupisho, na zaidi yake nafasi tupu iliyoachwa mwisho wa neno, ambayo kwenye picha haionekani kabisa. Njia ya kuyagundua yote ni kuanza na jedwali la majaribio lenye Tawi peke yake kwenye mistari. Matawi ni matatu; jedwali likitoa mistari mitano, rudi kwenye data ukasafishe.

Na kuna kitu ambacho picha inakionyesha kwa kutokuwapo kwake: hakuna safu ya Jumla. Kuna Idadi na kuna Bei, basi. Jambo hili linatupeleka kwenye usanifu.

Kuchora kabla ya kuburuta

Kipimo chetu ni shilingi, na shilingi hazimo kwenye data. Inabidi zizaliwe kwa kuzidisha Idadi na Bei. Zizaliwe wapi? Excel ina kitu kinachoitwa `Calculated Field`, kinachokuruhusu kuandika fomula ndani ya jedwali lenyewe, na wengi hukimbilia huko. Kwa kazi hii ni mtego. Fomula hiyo hujumlisha kwanza, ndipo ikazidisha.

Chukueni mistari miwili tu. Mmoja ni mifuko 10 ya saruji kwa shilingi 16,000. Mwingine ni mabati 2 kwa shilingi 25,000. Mauzo ya kweli ni 160,000 kuongeza 50,000, yaani shilingi 210,000. `Calculated Field` itajumlisha idadi ipate 12, itajumlisha bei ipate 41,000, kisha itazidisha na kukuletea shilingi 492,000. Haitaonyesha kosa lolote. Katika mistari elfu kadhaa jumla hiyo itakuwa mara mia kadhaa au elfu kadhaa ya ukweli, lakini ukichuja mpaka ikabaki mistari michache itaonekana ya kuaminika, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa hiyo Jumla izaliwe kwenye data, mstari kwa mstari, katika safu I:

```
=F2*G2
```

Sasa tunachukua karatasi na kalamu. Jopo la PivotTable lina vyumba vinne: `Filters`, `Columns`, `Rows` na `Values`. Tunachora majedwali mawili, kwa sababu swali letu lina sehemu mbili.

Jedwali la kwanza linajibu "imeshuka?" Kwenye `Rows` tunaweka Tawi, kwenye `Columns` miaka, kwenye `Values` jumla ya safu ya Jumla, na kwenye `Filters` robo. Mtaniuliza: swali linahusu Morogoro, kwa nini matawi yote matatu? Kwa sababu Morogoro ikishuka pamoja na wenzake, tatizo ni la soko au la kampuni nzima. Ikishuka peke yake, tatizo liko Morogoro. Bila majirani zake namba ya Morogoro haisomeki.

Jedwali la pili linajibu "kilichoishusha ni nini?" Kundi kwenye `Rows`, miaka kwenye `Columns`, Jumla kwenye `Values`, na vichujio viwili: Tawi na robo. Hatuweki Bidhaa. Duka la vifaa vya ujenzi lina bidhaa mamia. Ukiziweka zote utapata orodha ndefu isiyo na jibu. Kwanza kundi, kisha ndani ya kundi moja lenye hatia unaweza kushuka hadi bidhaa.

Mpaka hapa tumetumia picha tu. Kuanzia hapa tunahitaji faili lenyewe.

Kulijenga

Faili likifika, ondoeni kichujio, ongezeni safu H na I, simameni ndani ya data, bonyezeni `Ctrl+T` ili mistari iwe jedwali rasmi la Excel. Faida yake ni kwamba mistari ya mwezi ujao itaingia yenyewe katika eneo linalosomwa na pivoti. Kisha `Insert`, halafu `PivotTable`. Buruteni Tarehe Sahihi kwenye `Columns`, bofyeni kulia juu ya tarehe yoyote, chagueni `Group`, na humo wekeni alama kwenye `Months`, `Quarters` na `Years` kwa pamoja. Anayechagua `Months` peke yake ataunganisha Aprili ya 2023 na Aprili ya 2024 kuwa Aprili moja, na mlinganisho wote utakuwa umekufa. Baada ya hapo bakizeni miaka kwenye `Columns`, pelekeni robo kwenye `Filters` na kuchagua `Qtr2`, na miezi muitoe kwa sasa.

Kama kwenye `Values` mnaona `Count` badala ya `Sum`, msiibadilishe kwa haraka kisha mkasahau. Excel huchagua kuhesabu pale inapokuta kitu kisicho namba katika safu iliyopaswa kuwa ya namba. Mahali fulani kuna mtu ameandika kitu kisicho namba kwenye Idadi au Bei, fomula ya Jumla ikatoa kosa, na mkilazimisha `Sum` jedwali litaonyesha kosa hilo badala ya jumla. Kitafuteni kwanza.

Jedwali la kwanza linatoka hivi, kwa milioni za shilingi:

| Tawi | Apr–Jun 2023 | Apr–Jun 2024 |
|---|---|---|
| Dodoma | 152 | 171 |
| Ifakara | 61 | 63 |
| Morogoro | 184 | 161 |
| Jumla | 397 | 395 |

Angalieni jumla ya kampuni: imepungua milioni 2 tu, karibu si kitu. Mwenye duka angetazama mstari wa mwisho peke yake angelala usingizi. Ndani yake Morogoro imepoteza milioni 23, yaani asilimia 12.5, na Dodoma na Ifakara zimeziba karibu pengo lote. Sehemu ya kwanza ya swali imejibiwa: ndiyo, imeshuka, na imeshuka peke yake.

Jedwali la pili, Morogoro kwa makundi:

| Kundi | 2023 | 2024 | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Saruji | 74 | 75 | +1 |
| Nondo | 42 | 40 | −2 |
| Mabati | 38 | 17 | −21 |
| Rangi | 19 | 18 | −1 |
| Misumari na vifaa vidogo | 11 | 11 | 0 |
| Jumla | 184 | 161 | −23 |

Safu ya Tofauti haikuandikwa kwa mkono. Buruteni Jumla mara ya pili kwenye `Values`, bofyeni kulia, chagueni `Show Values As`, kisha `Difference From`, na msingi uwe miaka, `(previous)`. Mwaka 2023 utaonyesha nafasi tupu kwa sababu hauna mwaka wa kuutangulia ndani ya data, uacheni hivyo. Mkiuchuja 2023 ili kusafisha sura ya jedwali, tofauti zote zitapotea pamoja nao.

Kati ya milioni 23 zilizopotea, 21 ni mabati.

Kuyafuata mabati

Hapa wengi husimama na kuandika ripoti. Lakini shilingi hupungua kwa njia mbili: ama bei imeshuka, ama vitu vilivyouzwa vimepungua. Jedwali la tatu ni dogo na halikuwamo kwenye mchoro wetu, limezaliwa na la pili. Vichujio ni Morogoro, Mabati na `Qtr2`; miezi kwenye `Rows`, miaka kwenye `Columns`, na safari hii kwenye `Values` tunaweka jumla ya Idadi. Idadi inaruhusiwa hapa kwa sababu tuko ndani ya kundi moja. Ukijumlisha mifuko ya saruji na mabati na makopo ya rangi unapata namba isiyo ya kitu chochote.

Mabati yaliyouzwa Aprili hadi Juni 2023 yalikuwa 480, 520 na 520, jumla 1,520. Mwaka 2024 yalikuwa 510, 170, na Juni ni seli tupu, jumla 680. Gawanyeni shilingi kwa idadi: milioni 38 kwa 1,520 ni shilingi 25,000 kwa bati, na milioni 17 kwa 680 ni shilingi 25,000 vilevile. Bei haikuguswa. Msifikie bei hiyo kwa kuchukua `Average` ya safu ya Bei, maana wastani huo huhesabu mstari wa bati moja sawasawa na mstari wa mabati mia.

Ile seli tupu ya Juni inahitaji maneno. Jedwali la pivoti huonyesha kilichomo kwenye mistari, na mauzo yasiyofanyika hayana mstari. Nafasi tupu ikiingia kwenye chati ya mstari, mstari hukatika na mtazamaji anaweza kudhani data za Juni hazijafika. Nendeni `PivotTable Options`, na kwenye `For empty cells show` muandike `0`, ila baada tu ya kuhakikisha kwamba bidhaa nyingine za Morogoro zina mauzo ya Juni. Sifuri ni dai, na kabla ya kulitoa lazima ujue kwamba tawi lilikuwa wazi na rekodi zake zimeingia.

Aprili ilikuwa nzuri kuliko mwaka uliotangulia. Mei imeshuka sana, Juni hakuna. Kwa kawaida wateja hawaachi kununua mabati kwa mtindo huo. Wakihamia kwa mshindani hupungua polepole. Sura hii inafanana zaidi na stoo iliyokwisha. Lakini angalieni nilivyosema: inafanana. Rekodi za mauzo haziwezi kutofautisha siku ambayo hakuja mteja na siku ambayo mteja alikuja akakuta hakuna bati. Jibu la mwisho liko kwenye leja ya stoo, na kazi ya jedwali letu ni kumwambia mwenye duka afungue ukurasa upi: mabati, Morogoro, kuanzia Mei.

Chati moja

Mwenye duka aliomba chati, nasi tuna majedwali matatu. Nashauri chati moja, itokane na nakala ya lile la pili iliyobakizwa Tofauti peke yake kwenye `Values`, na iwe ya mipau ya ulalo inayoonyesha tofauti ya kila kundi. Chati ya duara haifai kabisa hapa: inaonyesha mgawanyo wa kitu kizima, na kupungua si sehemu ya kitu kizima. Mipau miwiliwili ya 2023 na 2024 haikosei, ila inamwachia msomaji kazi ya kutoa moja kutoka kwa nyingine kwa macho, na saruji, ambayo haina kosa, ndiyo itakayokuwa na mipau mirefu kuliko yote.

Katika mipau ya tofauti, mstari wa sifuri unasimama wima, na mabati yananyoosha mpau mrefu kwenda kushoto peke yake. Marekebisho mawili ni ya lazima. Excel hupanga chati ya ulalo kuanzia chini, kwa hiyo kundi la kwanza kwenye jedwali huwa la mwisho kwenye chati, washeni `Categories in reverse order`. Na majina ya makundi hukaa kando ya sifuri, yakafunikwa na mipau ya kushoto. Kwenye mipangilio ya mhimili chagueni `Label Position`, kisha `Low`, yatasogea pembeni.

Kichwa cha chati kisiwe "Mauzo kwa Kundi". Kiwe jibu: *Mabati yameipunguzia Morogoro shilingi milioni 21, Aprili–Juni 2024 kuliko 2023*. Ila mkumbuke kwamba kichwa mlichoandika kwa mkono hakibadiliki data zikibadilika. Mpau utasogea, maneno yatabaki.

Kabla ya kutuma

Ukaguzi ni mfupi. Chagueni namba moja muhimu, tuseme zile milioni 161, mzitafute kwa njia isiyopitia pivoti:

```
=SUMIFS(I:I,C:C,"Morogoro",
  H:H,">="&DATE(2024,4,1),
  H:H,"<"&DATE(2024,7,1))
```

Ikilingana na jedwali, vizuri. Isipolingana, kwanza bofyeni `Refresh`, kwa sababu huenda pivoti haikujisasisha yenyewe mtu aliporekebisha mstari kwenye data. Ikiendelea kukataa, rudini kwenye majina ya matawi na tarehe. Fomula hii haipimi kila kitu: ikiwa tarehe zimegeuzwa, nayo itazisoma zilivyogeuzwa na kukubaliana na jedwali kwa moyo mweupe. Ndiyo maana picha husomwa mwanzoni.

Jibu linalorudi kwa mwenye duka halizidi sentensi nne. Morogoro imeshuka milioni 23, asilimia 12.5, kuliko Aprili–Juni ya mwaka uliopita, na matawi mengine hayakushuka. Milioni 21 kati ya hizo ni mabati, na bei yake haikubadilika. Mauzo ya mabati yalipungua Mei na kukoma kabisa Juni. Tafadhali kagua leja ya stoo ya tawi hilo kuanzia Mei.

Ombi langu la mwisho ni kwenu mnaotuma picha. Picha itumeni, inatusaidia kuanza, lakini faili lifuate nyuma yake. Na swali lenu liseme kipindi gani, kwa kipimo gani, na kuliko nini. Mkilituma swali namna hiyo mtakuwa mmeshafanya nusu ya kazi ya mhasibu, na nusu iliyobaki haitachukua alasiri nzima.